Dhumna: Ipi Uteremshe, Ipi Uzuie?

Ukipita alasiri ya Jumapili penye baraza ya wacheza dhumna, utakachokisikia kwanza ni kishindo. Kete zinabamizwa mezani, watu wanacheka, watazamaji wanatoa mashauri ambayo hayakuombwa. Lakini tazama vizuri, na aghalabu utamwona mmoja kati ya wale wanne amekaa kimya, macho yake hayatoki mezani, na kete zake anaziteremsha taratibu kama mtu awekaye kikombe cha chai. Huyo ndiye anayehesabu. Wengine wanacheza kete zao saba. Yeye anacheza kete zote ishirini na nane.

Leo tutazame hesabu ya mtu huyo. Si hesabu ngumu, wala haihitaji kalamu. Inataka jambo moja tu: kujua kete zipi zimekwisha kutoka, na kwa hiyo zipi bado zimo mikononi mwa watu.

Tuanze na zile kete zenyewe. Kila kete ina pande mbili, na kila upande una nukta kutoka moja hadi sita, au ni mtupu. Kwa hiyo kuna koo saba: ukoo wa tupu, wa moja, wa mbili, na kuendelea hadi wa sita. Kila ukoo una kete saba kamili. Ukoo wa tano, kwa mfano, ni tano-tupu, tano-moja, tano-mbili, tano-tatu, tano-nne, tano-tano na tano-sita, basi. Wanapocheza watu wanne, wawili wawili, kila mmoja akiwa na kete saba, hakuna kete inayobaki pembeni. Kete ambayo huioni mezani wala mkononi mwako, hapana budi imo katika mikono mitatu iliyobaki. Hapo ndipo penye siri yote ya mchezo.

Usijaribu kukumbuka koo zote saba tangu siku ya kwanza. Utachoka na utakosea. Chagua ukoo ambao unazo kete nyingi, kisha uuhesabu huo peke yake mpaka saba. Ukiwa na kete nne za tano, basi dunia nzima imebakiwa na tatu. Kuhesabu tatu hakumshindi mtu.

Sasa tuuchukue mkono mmoja tuufuate kuanzia kete ya kwanza hadi ya mwisho. Tuseme mnacheza kufikia alama 100, na wanaomaliza kwanza huchukua jumla ya nukta walizobakiwa nazo wapinzani wao. Wewe na mwenzio mna 86. Wapinzani wana 89. Basi huu huenda ukawa mkono wa mwisho, na hakuna nafasi ya kosa. Zamu inakwenda kwa mkono wa kulia: wewe, kisha mpinzani wa kulia, kisha mwenzio aliye mbele yako, kisha mpinzani wa kushoto.

Umeshika tano-tano, tano-tatu, tano-moja, tano-tupu, sita-mbili, tatu-mbili na moja-tupu. Wewe ndiye unayeanza. Unateremsha tano-tano. Ni kete nzito, na kete pacha ina njia moja tu ya kutokea, kwa hiyo hufaa kuitoa mapema. Zaidi ya hayo, umemwambia mwenzio bila kufungua kinywa kwamba nguvu yako iko katika tano.

Mpinzani wa kulia anaweka tano-sita. Ncha za msururu sasa ni tano na sita. Mwenzio anaigusa sita kwa sita-tatu, na tano anaiacha wazi. Hii ndiyo adabu ya mchezo wa wawili: usiizibe ncha aliyoifungua mwenzio ikiwa una njia nyingine. Mpinzani wa kushoto, ambaye adabu hiyo haimhusu, anaiziba tano kwa tano-nne. Ncha ni tatu na nne.

Nne huna hata moja. Kwenye tatu unazo mbili: tano-tatu na tatu-mbili. Unaweka tano-tatu, na tano inarudi mezani. Sasa hesabu. Zimetoka tano-tano, tano-sita, tano-nne na tano-tatu. Hizo ni nne. Mkononi unazo tano-moja na tano-tupu, sita. Iliyobaki duniani ni moja tu, nayo ni tano-mbili. Iko wapi? Bado hujui. Lakini meza itakuambia.

Mpinzani wa kulia anaweka nne-moja, na mwenzio anaifuata kwa moja-sita. Ncha ni tano na sita. Ni zamu ya mpinzani wa kushoto. Anazitazama kete zake, anazigeuza, kisha anagonga meza kwa kidole: hana, amepita.

Wachezaji wengi hapa hucheka tu na kusonga mbele. Mwenye kuhesabu husimama kidogo. Kete inapowekwa, hukuonyesha jambo moja tu, kwamba huyu alikuwa nayo. Kwa nini ameichagua hiyo na si nyingine, hilo unalikisia. Lakini mtu anapogonga, ametoa ushahidi usio na shaka: hana tano wala sita hata moja, na hatakuwa nazo mpaka mwisho wa mkono, kwa sababu katika dhumna ya watu wanne hakuna mahali pa kuokota kete mpya. Kwa hiyo tano-mbili haiko kushoto. Iko kwa mwenzio au kwa mpinzani wa kulia. Kwa mgongo mmoja wa kidole, mikono mitatu imekuwa miwili.

Zamu yako. Ukicheza tano, utakuwa umeiziba ncha yako mwenyewe. Unayo sita-mbili, nayo ina nukta nane. Unaiweka kwenye sita, na tano inabaki wazi. Mpinzani wa kulia anaweka mbili-tupu, na ncha zinakuwa tano na tupu. Sasa mtazame mwenzio, maana naye anasoma. Ameona nani aligonga na aligonga wapi. Anatoa sita-tupu, na kuirudisha meza kuwa tano na sita, yaani mlango uleule uliomfungia mpinzani wa kushoto. Naye anagonga mara ya pili. Wenzake wanapunguza kete. Yeye amekaa na sita mkononi.

Sasa huna sita tena, nawe hapana budi ucheze tano. Kati ya tano-moja na tano-tupu unatoa iliyo nzito, tano-moja. Ncha ni moja na sita. Na hapa mpinzani wa kulia anakuonyesha kwamba hata yeye anajua kuhesabu. Angeweza kucheza kwenye moja. Badala yake anaweka sita-nne. Ya nini? Hesabu ukoo wa sita: tano-sita, sita-tatu, moja-sita, sita-mbili, sita-tupu, na sasa sita-nne. Zimetoka sita, na iliyobaki ni sita-sita peke yake. Kete hiyo haina pa kuingilia tena, kwa kuwa hakuna kete nyingine itakayoleta sita mezani. Imekufa mkononi mwa aliyeishika, na nukta zake kumi na mbili. Yule wa kushoto hanayo, kwa sababu alikwisha kugonga kwenye sita. Wewe huna. Ikiwa mpinzani wa kulia angekuwa nayo, asingejiua mwenyewe. Basi bila shaka imo kwa mwenzio. Tangu mwanzo alikuwa na nafasi ya kuitoa, akapenda kutoa sita-tatu. Ndivyo kete pacha inavyomwadhibu anayeikawiza.

Hilo linakufundisha jambo kubwa kuhusu mkono huu: mwenzio hawezi kumaliza. Ikiwa upande wenu utashinda kwa kumaliza kete, basi ni wewe utakayemaliza.

Mwenzio anaweka nne-tatu. Mpinzani wa kushoto anapata nafuu, anaweka tatu-tatu. Ncha ni moja na tatu, nawe una kete tatu: tano-tupu, tatu-mbili na moja-tupu. Unaweza kucheza tatu-mbili au moja-tupu. Fikiri: tano-mbili bado haijatoka, na inahitaji mbili ili iilete tano mezani. Ukiweka tatu-mbili utakuwa umeifungulia njia, na kama iko kwa mwenzio ataelewa. Aidha, tatu-mbili ni nukta tano, moja-tupu ni nukta moja. Unaiteremsha tatu-mbili. Mpinzani wa kulia anaweka moja-moja. Mwenzio, bila kukawia, anaweka tano-mbili. Ncha sasa ni moja na tano. Mpinzani wa kushoto anagonga mara ya tatu.

Tumefika pale ambapo mchezo utaamuliwa. Mkononi una tano-tupu na moja-tupu. Zote mbili zinaingia. Ipi uteremshe, ipi uzuie?

Mgeni wa mchezo atasema: toa tano-tupu, kwa kuwa ina nukta tano na ile nyingine ina moja tu. Tena, ataongeza, ukiweka tano-tupu ncha zitakuwa moja na tupu, na wewe utabaki na moja-tupu, kete inayoingia pande zote mbili. Nani atakayeweza kuzuia pande mbili kwa pamoja? Maneno hayo yanavutia, na ndiyo maana watu hupoteza michezo kwayo.

Hesabu koo tatu. Kwanza tano: tano-tano, tano-sita, tano-nne, tano-tatu, tano-moja, tano-mbili. Sita zimetoka, na ya saba iko mkononi mwako. Hakuna mtu mwingine hapa duniani anayeweza kuigusa ile ncha ya tano. Ni nyumba yako, na ufunguo umo mkononi mwako. Pili moja: zimetoka nne-moja, moja-sita, tano-moja na moja-moja, unayo moja-tupu, kwa hiyo moja-mbili na moja-tatu zingali nje. Tatu tupu: zimetoka mbili-tupu na sita-tupu, unazo mbili, kwa hiyo tupu-tupu, tatu-tupu na nne-tupu zingali nje. Ncha za moja na tupu si zako. Zinaweza kuzibwa, zote mbili.

Tazama ambavyo zingezibwa. Tuseme umetoa tano-tupu. Ncha ni moja na tupu. Mpinzani wa kulia amebakiwa na kete mbili, nne-tupu na moja-mbili. Anaweka nne-tupu, tupu imekwisha. Mwenzio ana sita-sita iliyokufa na moja-tatu. Kanuni ya mchezo haimruhusu kugonga ikiwa anayo ya kucheza, kwa hiyo kwa mkono wake mwenyewe analazimika kuiziba ile moja uliyokuwa ukiitegemea. Ncha ni tatu na nne. Mpinzani wa kushoto anaweka nne-mbili kwenye nne. Ncha ni tatu na mbili. Wewe na moja-tupu yako unagonga. Mpinzani wa kulia anaweka moja-mbili, na amemaliza. Wanakuta kwako nukta moja na kwa mwenzio kumi na mbili. Kumi na tatu kwa jumla. Themanini na tisa na kumi na tatu ni 102. Mchezo umekwisha, na si wenu.

Sasa irudishe meza nyuma, na utoe moja-tupu. Ncha ni tupu na tano. Mpinzani wa kulia hana budi kucheza nne-tupu, kwa kuwa ndiyo pekee inayoingia. Mwenzio anagonga. Mpinzani wa kushoto anaweka nne-nne. Yote hayo hayakuhusu, kwa sababu hakuna lolote wanaloweza kulifanya penye ile tano. Zamu inapokufikia unaiweka tano-tupu, na mkono wako ni mtupu. Mpinzani wa kulia amebakiwa na moja-mbili, nukta tatu. Wa kushoto amebakiwa na tatu-tupu, tupu-tupu, nne-mbili na mbili-mbili, nukta kumi na tatu. Jumla kumi na sita. Themanini na sita na kumi na sita ni 102. Mchezo ni wenu.

Kete mbili tu, uamuzi mmoja, na mchezo umegeuka. Kumbuka pia kwamba hukuhitaji kuziona kete za mtu yeyote. Ulihitaji kujua tu kwamba wapinzani hawawezi kumaliza kabla ya zamu yako, maana wa kulia alikuwa na kete mbili na wa kushoto tano, na kwamba ukoo wa tano umekwisha isipokuwa kwako. Kanuni inayotokana na hayo ni fupi: ncha ambayo ni wewe peke yako unayeweza kuigusa, iache mpaka mwisho. Haiibiwi. Tumia kwanza nafasi ambayo wengine wanaweza kukunyang'anya.

Imebaki hesabu ya nukta, nayo ina mahali pake. Nukta za kete zote ishirini na nane ni 168. Kila nambari hutokea mara nane, kwani ile pacha huihesabu mara mbili. Na moja hadi sita ukizijumlisha ni ishirini na moja. Mara nane ni 168. Kwa wastani, basi, kete moja ni nukta sita, na mkono wa kete saba ni arubaini na mbili. Ukiugawiwa mkono wa hamsini na zaidi, ujue una mzigo, na kazi yako ya kwanza ni kuutua.

Hesabu hii inakuwa na thamani zaidi pale meza inapotaka kufungwa, yaani ncha zote mbili ziwe za ukoo ambao kete zake saba zimekwisha kutoka, na watu wote wanne wagonge. Meza ikifungwa, upande wenye nukta chache ndio unaoshinda. Kabla hujaifunga, jumlisha zilizo mezani. Katika mkono wetu, ulipofika kwenye ule uamuzi wa mwisho, mezani palikuwa na nukta 118. Toa katika 168, zinabaki 50. Toa sita zako, zinabaki 44, zimegawanyika katika kete tisa: mbili za mwenzio na saba za wapinzani. Hata bila kujua zaidi, ni dhahiri kwamba wenye kete saba ndio wenye mzigo. Hivyo kufunga kungekuwa na faida. Lakini kama mwenzio ndiye aliyekuwa amegonga mara tatu, nukta zilezile 44 zingekuwa zimelala upande wenu, na kufunga kungekuwa kujichimbia kaburi. Tena kubalianeni kabla ya kuanza kama mtalinganisha jumla ya wawili au mkono wa mmoja mmoja, kwani baraza hutofautiana.

Hesabu hii, hata hivyo, ina adui mmoja ambaye haihimili, naye ni mtu anayegonga ilhali anayo. Wengine hukosea kwa kutotazama vizuri, wengine hufanya kwa hila. Vyovyote iwavyo, ushahidi wake umekuwa wa uongo, na kila ulichokijenga juu yake kimeporomoka. Utamjua baadaye, atakapoweka kete ya ukoo alioukana. Ndiyo sababu ni vyema ukumbuke kila mgongo: nani, na ncha zilikuwa zipi. Pale penye kukumbuka, hila haikai.

Jumapili hii ukiketi barazani, usijaribu yote kwa pamoja. Chagua ukoo mmoja, ule ulio nao kwa wingi, uuhesabu mpaka saba. Na yeyote atakapogonga meza, kabla hujacheka, zitazame zile ncha mbili.